Kipimo cha Haraka cha Koo: Jibu Hasi Lina Uzito Gani?

Maumivu mengi ya koo husababishwa na virusi, na huisha yenyewe baada ya siku chache bila antibiotiki yoyote. Sehemu ndogo husababishwa na bakteria, na kati ya hao anayetafutwa zaidi ni streptokokasi wa kundi A. Kwa watoto wanaofika kituo cha afya wakilalamika koo, bakteria huyu huwa chanzo kwa 20 hadi 30 kati ya kila 100. Kwa watu wazima, huwa chanzo kwa 5 hadi 15 tu.

Anatafutwa kwa sababu ya yale yanayoweza kufuata baada ya koo kupona. Kwa baadhi ya watoto, hasa wa miaka 5 hadi 15, mwili unaopambana na bakteria huyu hugeuka na kushambulia viungo vyake wenyewe. Wiki mbili au tatu baada ya koo kupoa, mtoto hupata homa, magoti na vifundo vya miguu huvimba kwa zamu, na moyo huanza kuathirika. Hiyo ndiyo homa ya baridi yabisi. Ikijirudia, hukunja na kukakamaza valvu za moyo, na miaka baadaye kijana huishiwa pumzi akipanda ngazi. Katika Afrika Mashariki ugonjwa huu bado upo, na hospitali za moyo kama Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam huwapokea wagonjwa ambao valvu zao zimeharibiwa kwa njia hiyo. Koo la mwanzo likitibiwa ipasavyo na kwa wakati, njia hiyo hukatwa.

Shida ni kwamba macho hayatoshi kutofautisha. Homa, mafindofindo yaliyovimba na kuwa na madoa meupe, tezi za shingo zinazouma zikiguswa na kukosekana kwa kikohozi huongeza uwezekano wa bakteria, lakini virusi navyo huweza kuleta picha hiyohiyo. Kwa hiyo sampuli ya koo hupimwa, na kipimo kinachotoa jibu mgonjwa akiwa bado kliniki ni kile cha haraka cha antijeni.

Kinachotafutwa na kipimo

Kipimo hiki hakimtafuti bakteria aliye hai. Hutafuta kipande cha ukuta wake. Mwaka 1933, Rebecca Lancefield, mtafiti wa Taasisi ya Rockefeller mjini New York, alionyesha kwamba streptokokasi wanaweza kugawanywa katika makundi kwa kufuata vitu vilivyomo ndani ya kuta zao, na makundi hayo akayapa herufi. Kundi A lina sukari ya aina yake kwenye ukuta, na sukari hiyo ndiyo antijeni ambayo kipimo hunasa.

Ili sukari hiyo ipatikane, lazima ing'olewe kwenye ukuta. Katika vipimo vingi kazi hiyo hufanywa na vimiminika viwili vinavyochanganywa papo hapo ndani ya kichupa kidogo: kimoja kina nitriti ya sodiamu, kingine kina asidi ya asetiki, ile iliyomo kwenye siki. Vikikutana huzaa asidi ya nitrasi, nayo hung'oa sukari hiyo kwa muda wa dakika moja hivi. Mchanganyiko haukai na nguvu kwa muda mrefu, ndiyo maana huandaliwa wakati wa kupima na si asubuhi kwa ajili ya siku nzima.

Baada ya hapo majimaji huwekwa kwenye kikaratasi cha kipimo, ambako hukutana na kingamwili zilizotengenezwa ili zishikane na sukari ya kundi A peke yake. Kingamwili hizo zimeunganishwa na chembe ndogo zenye rangi. Sukari ikiwepo, chembe hizo hukwama kwenye eneo la kupima na mstari hujitokeza. Isipokuwepo, hupita bila kusimama.

Kuchukua sampuli

Sehemu kubwa ya ubora wa jibu huamuliwa kabla kichupa hakijafunguliwa. Mgonjwa hukaa palipo na mwanga, hufungua mdomo wazi na kusema "aaa", na ulimi hukandamizwa kwa kijiti bapa. Kijiti cha sampuli hupitishwa kwa kusugua kidogo juu ya findo la kulia, kisha ukuta wa nyuma wa koo, kisha findo la kushoto, na pale penye usaha au wekundu mkali panaguswa kwa makusudi. Kikitolewa hakipaswi kugusa ulimi, shavu wala meno, kwa sababu mate huchuja sampuli na kuleta bakteria wengine wa mdomoni.

Mtoto akipaliwa kidogo, ni dalili kwamba kijiti kimefika mahali panapofaa. Sampuli isiyomsumbua kabisa mara nyingi ni ya ulimi, na jibu lake hasi halina thamani. Vivyo hivyo kwa mtoto ambaye tayari amepewa vidonge vichache vya antibiotiki vilivyobaki nyumbani: bakteria hupungua upesi baada ya dozi za kwanza, na sampuli inaweza kutoka tupu ingawa ugonjwa haujaisha. Mhudumu huuliza swali hilo kabla ya kupima.

Kijiti chenyewe huwa cha nyuzi za kutengenezwa na mpini wa plastiki, kama kinavyokuja ndani ya boksi la kipimo. Pale ambapo huenda sampuli ikahitaji kuoteshwa, huchukuliwa vijiti viwili kwa pamoja. Sababu ni ya wazi: kijiti kilichozamishwa katika asidi ya kipimo cha haraka hakifai tena kuotesha, maana bakteria waliokuwemo wameuawa. Kama kipo kimoja tu, hupakwa kwanza kwenye kisahani cha kuoteshea, ndipo kinaingia kwenye kichupa.

Kusoma jibu

Kiasi cha matone na dakika hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, kwa hiyo karatasi ya maelekezo iliyomo ndani ya boksi ndiyo hufuatwa. Kwa kawaida matone manne ya kila kimiminika huingia kwenye kichupa, kijiti huzungushwa humo mara kadhaa na kuachwa dakika moja, kisha hukamuliwa kwenye ukuta wa kichupa kinapotolewa. Katika baadhi ya vipimo kimiminika cha kwanza kimetiwa rangi ya waridi, na rangi hiyo hubadilika vikichanganyika. Isipobadilika, kimiminika kimoja kimesahauliwa au kimeharibika, na hapo kazi huanza upya.

Jibu husomwa baada ya dakika 5. Mstari kwenye herufi C huonyesha kwamba kipimo kimefanya kazi. Mstari kwenye C na mwingine kwenye T, hata kama wa T umefifia, ni jibu chanya. Mstari wa C peke yake ni jibu hasi. Kama C haina mstari, hakuna jibu: kipimo hurudiwa kwa kifaa kipya, hata kama T imeonyesha rangi. Kifaa kilichoachwa mezani na kutazamwa baada ya nusu saa hakisomwi tena, kwa kuwa majimaji yakikauka yanaweza kuacha kivuli kinachofanana na mstari.

Kwa nini jibu hasi hupotosha

Kipimo kizuri cha aina hii humtambua mgonjwa wa kundi A mara 85 hivi katika kila 100, na humwondoa asiye naye mara 95 hivi katika kila 100. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo kiini cha suala zima. Mstari ukitokea, karibu hakika sukari ya kundi A ipo. Usipotokea, bado kuna uwezekano kwamba ipo lakini ni kidogo mno kuonekana.

Uchache huo hutokana na mambo mawili. La kwanza ni sampuli mbaya, kama ilivyoelezwa. La pili ni bakteria wenyewe kuwa wachache kooni. Kipimo cha haraka hakizidishi kitu. Huona tu kilicholetwa na kijiti. Koo lenye bakteria wengi hutoa mstari mzito, na lenye wachache laweza kupita kimya. Njia ya kuotesha ina nguvu hapa, kwa kuwa bakteria mmoja aliye hai akipewa usiku mzima huzaa mamilioni na kuonekana kwa macho.

Mfano wa hesabu unaonyesha uzito wa jambo hili. Watoto 100 wenye maumivu ya koo wanapimwa, na 30 kati yao wana kundi A. Kipimo kinawaona 26 hivi na kuwakosa 4. Kati ya 70 wasio naye, 67 wanapata jibu hasi na 3 wanapata mstari usio wa kweli. Jumla ya majibu hasi ni 71, na ndani yake wamo watoto 4 wenye bakteria, yaani mmoja kati ya 18 hivi. Wazazi wote 71 wanarudi nyumbani na jibu lilelile, na kwa kutazama kifaa hakuna njia ya kuwajua hao 4.

Kwa watu wazima hesabu hubadilika ingawa kipimo ni kilekile. Kati ya watu wazima 100, wenye kundi A ni 10 hivi, na kipimo hukosa mmoja au wawili. Hao hupotea ndani ya majibu hasi yapatayo 87. Tena mtu mzima ni nadra sana kupata homa ya baridi yabisi kwa mara ya kwanza, kwa hiyo madhara ya kumkosa ni madogo zaidi.

Hapo ndipo ulipotoka mwongozo wa mwaka 2012 wa Chama cha Magonjwa ya Kuambukiza cha Marekani, unaofuatwa na wengi: mtoto au kijana akipata jibu hasi, sampuli yake ioteshwe; mtu mzima akipata jibu hasi, kwa kawaida inatosha. Jibu chanya halihitaji kuthibitishwa kwa kuotesha, awe mtoto au mtu mzima.

Kuotesha kunavyofanyika

Kijiti cha pili hupelekwa maabara na kupakwa kwenye kisahani chenye agari iliyochanganywa na damu ya kondoo kwa kiasi cha asilimia 5. Kikichelewa kufika, huwekwa kwenye kichupa chenye majimaji ya kuhifadhia ili bakteria wasife njiani. Kisahani hukaa kwenye kabati la joto la nyuzi 35 hadi 37 kwa saa 18 hadi 24, kisha hutazamwa.

Anachotafuta mtaalamu wa maabara ni vidoa vidogo vya kijivu, vya ukubwa wa ncha ya pini, ambavyo kila kimoja kimezungukwa na duara angavu. Duara hilo ni mahali ambapo bakteria amepasua chembe zote za damu, hata kisahani kikiinuliwa kwenye taa mwanga hupenya pale. Kisahani kisichoonyesha kitu hakitupwi siku hiyo. Hurudishwa kwenye kabati na kutazamwa tena baada ya saa 48, kwa kuwa baadhi ya sampuli huonyesha ukuaji siku ya pili tu.

Aina ya damu ina maana kubwa. Maabara isiyo na damu ya kondoo hushawishika kutumia damu ya binadamu iliyopita muda wake katika benki ya damu. Damu hiyo huweza kuwa na kingamwili au mabaki ya dawa yanayozuia bakteria kukua, na duara la kupasuka kwa chembe hufifia. Kisahani cha namna hiyo kinaweza kukosa kile ambacho hata kipimo cha haraka kingekiona, na hapo kuotesha kunakuwa si kinga tena.

Duara peke yake halithibitishi kundi A, kwani makundi C na G nayo hulitoa. Kwa hiyo kikaratasi chenye dozi ndogo ya basitrasini huwekwa juu ya bakteria: wa kundi A kwa kawaida hushindwa kukua karibu nacho. Kwa kuwa baadhi ya makundi mengine nayo hushindwa, maabara nyingi huongeza jaribio la kimeng'enya cha PYR, linalogeuka jekundu ndani ya dakika chache, au hupima kundi moja kwa moja kwa kingamwili.

Mtoto mmoja, siku tatu

Mfano ufuatao unaonyesha mpangilio mzima. Mtoto wa miaka 8 mwenye kilo 24 anafika kliniki Jumanne. Koo lilianza kumuuma ghafla Jumatatu, ana homa ya nyuzi 38.6, hana kikohozi wala kamasi, mafindofindo yamevimba na yana madoa meupe, na tezi za mbele ya shingo zinamuuma. Hajala dawa yoyote isipokuwa ya kutuliza homa. Vijiti viwili vinachukuliwa. Kipimo cha haraka kinaonyesha mstari wa C peke yake.

Kijiti cha pili kinapelekwa maabara alasiri hiyo. Mtoto anarudi nyumbani na parasetamoli, vinywaji vya kutosha na ahadi ya kupigiwa simu. Hakuna haraka ya kumpa antibiotiki usiku huo. Tafiti zilizofanywa katika kambi ya jeshi la anga la Marekani huko Wyoming, mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950, zilionyesha kwamba penisilini huzuia homa ya baridi yabisi hata ikianzishwa hadi siku ya 9 ya ugonjwa. Nafasi hiyo ndiyo inayoruhusu kusubiri jibu la kisahani.

Jumatano jioni kisahani kina bakteria wa kawaida wa kooni na vidoa viwili vya kutiliwa shaka. Alhamisi vidoa vimeongezeka, duara zake ni wazi, basitrasini inavizuia na PYR inageuka nyekundu. Simu inapigwa, na mtoto anaanza dawa siku ya 4 ya ugonjwa, akiwa bado ndani ya muda. Amoksilini hukadiriwa kwa miligramu 50 kwa kila kilo kwa siku. Kwa kilo 24 ni miligramu 1,200, lakini kiwango cha juu ni 1,000, kwa hiyo anaandikiwa miligramu 1,000 mara moja kwa siku kwa siku 10. Familia ikihofia kutomaliza siku zote 10, sindano moja ya benzathini penisilini hufanya kazi hiyo: uniti 600,000 kwa mtoto wa chini ya kilo 27, na uniti 1,200,000 kwa mwenye kilo 27 au zaidi.

Kama kisahani kingebaki kitupu hadi Alhamisi, mtoto asingepewa antibiotiki. Na kama daktari angekuwa ameianzisha Jumanne kwa sababu mtoto alikuwa na hali mbaya, angeisimamisha. Mtoto anayeshindwa kupumua vizuri, anayedondosha mate kwa kushindwa kumeza, au asiyeweza kufungua mdomo hasubiri kipimo chochote. Anapelekwa hospitali mara moja.

Nani aoteshewe, nani asipimwe

Mbali na watoto na vijana, jibu hasi la mtu mzima nalo huoteshwa pale hatari inapopanda: aliyewahi kuugua homa ya baridi yabisi, anayeishi na mtu aliyewahi kuiugua, au aliye katika shule ya bweni au kambi ambako maambukizi ya kundi A yamezuka. Katika nchi ambako homa hiyo imekuwa nadra, baadhi ya miongozo imeacha kuotesha hata kwa watoto wasio na hatari ya ziada. Ukali wa sharti hili hufuata wingi wa ugonjwa wa moyo mahali husika, na mahali ulipo wingi huo sababu ya kuotesha huwa na nguvu zaidi.

Kwa upande mwingine, mgonjwa mwenye mafua, kikohozi, sauti iliyokauka au vidonda mdomoni haifai apimwe kabisa, kwa kuwa dalili hizo zinaelekeza kwenye virusi. Watoto wengi wenye afya hubeba kundi A kooni bila kuugua, takriban mmoja kati ya 8 katika tafiti mbalimbali. Mtoto wa namna hiyo akipata mafua na kupimwa, mstari utatokea, naye atapewa antibiotiki kwa ugonjwa ambao dawa hiyo haiugusi. Kisahani nacho hakiwezi kumtofautisha mbebaji na mgonjwa. Dalili ndizo huamua. Watoto wa chini ya miaka 3 nao kwa kawaida hawapimwi, isipokuwa wakiishi na mgonjwa, maana homa ya baridi yabisi ni nadra katika umri huo. Na baada ya kumaliza dawa na kupona, kupima tena hakuhitajiki: sukari ya bakteria waliokufa inaweza kubaki kooni na kutoa mstari.

Katika miaka ya karibuni vimeingia vipimo vinavyozidisha vinasaba vya bakteria ndani ya mashine ndogo na kutoa jibu kwa dakika chache. Kwa kuwa huona hata bakteria wachache, jibu lake hasi kwa kawaida halihitaji kuoteshwa. Bei ya mashine na vifaa vyake ndiyo kizuizi chake kikubwa.

Kituo kisicho na maabara ya kuotesha kina njia mbili. Kinaweza kupeleka kijiti cha pili, ndani ya majimaji ya kuhifadhia, katika hospitali yenye maabara hiyo, na muda wa siku 9 huruhusu safari na kusubiri. Pasipo uwezekano huo, uamuzi hurudi kwenye dalili: mtoto mwenye picha kama ya yule wa Jumanne, katika eneo ambako homa ya baridi yabisi ni ya kawaida, anaweza kutibiwa ingawa kipimo cha haraka ni hasi, na mtoto mwenye mafua na kikohozi hutibiwa homa na maumivu tu.